Nimerudi Dar, jimu ya Leipzig bado inanikata hela kila mwezi. Naisitishaje nikiwa huku?

#1 Kijana wa Makumbusho
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza masomo Leipzig, nikarudi nyumbani mwisho wa Machi mwaka huu wa 2025. Kabla ya kuondoka nilifuta makazi ofisi ya mji na kurudisha chumba, nikaamini nimemaliza. Kumbe jimu niliisahau kabisa. Kila tarehe 15 wananikata euro 24.90 kwenye akaunti yangu ya kule. Mkataba nilisaini tarehe 15 Oktoba 2024, wa miezi 12.

Shida iko hapa. Simu yangu iliharibika, nimenunua nyingine, na apu ya jimu haimo kwenye duka la apu la Tanzania. Nikiingia kwenye tovuti yao wanataka namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji kwenye laini yangu ya Ujerumani. Laini ninayo, ila hapa Dar haishiki mtandao. Nikipiga simu ni mashine inayozungumza Kijerumani na kutaka nibonyeze namba ya uanachama. Na laini yenyewe ya simu ni mkataba mwingine, euro 14.99 kwa mwezi, miezi 24 tangu tarehe 3 Novemba 2023. Nikitaka kuiondoa nayo natakiwa nipokee meseji kwenye laini hiyo hiyo.

Leo ni tarehe 10 Juni. Kuna aliyetoka kwenye mtego huu akiwa nje ya nchi?

#2 Chuma cha Reli
Mkuu, unajipa presha bure. Toa hela zote kwenye akaunti, ibaki tupu. Hawatakuta cha kukata, wakijaribu mara mbili tatu watakufuta wenyewe. Huku si tunafanya hivyo? Usipolipia kifurushi, kinakatika.

#3 Shangazi Tegeta
Nakaa hapa nijifunze, mwanangu yuko Bremen na amejiunga na vitu hata havihesabiki.

#4 Dada wa Hamburg
Kijana, tafadhali usifuate ushauri wa #2. Nafanya kazi ofisi ya kusaidia wanafunzi wa kigeni, huu ni mwaka wa sita, na kila Septemba napokea barua pepe za watu waliorudi kwao wakiwa kwenye hali kama yako. Chuma cha Reli anafikiri kwa mfumo wa vocha: hujalipa, hupati huduma, mnaachana. Mkataba wa Ujerumani hauendi hivyo. Ulikubali miezi 12, kwa hiyo unadaiwa miezi 12, uende mazoezini usiende. Akaunti ikiwa tupu deni linabaki palepale, na juu yake benki na jimu wanaongeza gharama za makato yaliyogonga mwamba.

Sasa tuje kwenye swali lako. Huhitaji apu, na wala huhitaji kuingia kwenye akaunti yako. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kampuni yoyote inayouza mikataba ya aina hii kupitia tovuti lazima iwe na kitufe cha kusitisha kwenye tovuti hiyo hiyo. Sheria ni kifungu cha 312k cha kanuni yao ya madai. Fungua ukurasa wa mwanzo wa jimu, shuka mpaka chini kabisa kwenye yale maandishi madogo, tafuta maneno `Verträge hier kündigen`. Itafunguka fomu inayotaka jina, namba ya uanachama au ya mkataba, tarehe unayotaka uishe, na barua pepe ya kukuthibitishia. Mwisho unabonyeza `jetzt kündigen`. Kitufe hicho kinatakiwa kufunguka kwa mtu yeyote bila neno la siri. Mahakama za kule zimeshawagomea waliotaka mteja aingie kwanza kwenye akaunti.

Hata kama ulisaini kwa kalamu pale mapokezini, kitufe kinakuhusu, mradi tu kampuni inauza mikataba ya namna hiyo mtandaoni. Ukishabonyeza, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa. Wao wanatakiwa kukujibu papo hapo kwa barua pepe.

Ikitokea ukurasa haufunguki ukiwa Tanzania, tuma barua pepe ya kawaida. Kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2016 hawaruhusiwi kukulazimisha utume karatasi yenye saini. Maneno yanatosha haya:

```
Betreff: Kündigung, Mitgliedsnummer ...
Hiermit kündige ich meinen Vertrag zum
nächstmöglichen Zeitpunkt. Bitte bestätigen Sie
mir das Vertragsende per E-Mail.
```

Chini yake weka jina kamili kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe ya kuzaliwa, na anwani uliyokuwa nayo Leipzig pamoja na ya Dar.

#5 Mzee wa Matrah
Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati mwaka wa nane. Nina king'amuzi nimekiacha nyumbani Tanga, wapangaji wamehama. Je, nacho kinaendelea kunidai?

#6 Shangazi Tegeta
Mzee wangu, shikamoo. Kama ni kile cha kulipia kwa mwezi kwa simu, hakidai. Kimezima tangu siku ile kifurushi kilipoisha. Hapa wanazungumzia mkataba unaojiendesha wenyewe.

#7 Mzee wa Matrah
Marahaba. Nimefahamu sasa. Huku nilipo laini za mkataba ni kama hizo za Wajerumani. Mwenzangu alipomaliza kazi alikwenda mwenyewe dukani na kitambulisho chake cha ukaazi, akalipa bili ya mwisho, akapewa karatasi, ndipo akapanda ndege. Alisema ukishafutiwa ukaazi, kile kitambulisho kinakuwa plastiki tu na dukani hawakusikilizi.

#8 Chuma cha Reli
@Dada wa Hamburg nakuheshimu, lakini si kweli kwamba mteja hana nguvu kwenye makato. Nimeishi Ubelgiji. Makato ya moja kwa moja unaweza kuyarudisha ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu yoyote, benki inakurudishia hela yako yote. Hiyo ni haki ya Ulaya nzima, sijaitunga mimi.

#9 Dada wa Hamburg
Wiki 8 ni kweli kabisa, na kama hukuwahi kuwapa idhini ya kukata ni miezi 13. Ila hapo umerudisha malipo tu. Mkataba hujaugusa. Haki hiyo itumie siku wakikukata baada ya tarehe ya mwisho waliyoithibitisha wenyewe. Hapo rudisha bila kusita.

#10 Mhitimu wa Göttingen
Naomba niseme yangu, maana mimi ndiye mfano hai wa ushauri wa #2.

Niliondoka 2019. Jimu ilikuwa imebakiza miezi minne, euro 29 kila mwezi. Nikafunga akaunti ya benki wiki ya kuondoka nikiamini nimemaliza. Kwenye mkataba wangu kulikuwa na kipengele kwamba ukichelewa miezi miwili, iliyobaki yote inadaiwa kwa mkupuo. Sikukisoma. Deni likauzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, na barua zote zikaenda kwenye chumba nilichokuwa nimeshahama. Mpangaji mpya alikuwa anazirundika kwenye droo. Rafiki alipozikuta, euro 116 zilikuwa zimefika 280 na kitu.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Nilirudi kule kwa masomo ya juu, nikatafuta nyumba, kila mwenye nyumba anataka taarifa ya daftari lao la mikopo. Jina langu lilikuwa na doa. Nimekosa nyumba mbili kwa ajili ya jimu niliyokuwa siendi. Nililipa deni, lakini doa halikufutika siku ileile. Kama una nia ya kurudi Ulaya kwa kazi au masomo, lipa hiyo miezi iliyobaki.

#11 Fundi Laini
Wengi mmeiruka hoja ya laini, na mimi naona ndiyo mzizi. Mkuu @Kijana wa Makumbusho, laini ya mkataba haijafa. Inakosa ruhusa ya kutumia mitandao ya nje, au simu yako inajichagulia mtandao usio na makubaliano na kampuni yako. Fanya hivi: zima kwanza data ya laini hiyo kabisa, kwa sababu Tanzania haimo kwenye bei ya pamoja ya Umoja wa Ulaya na hela itayeyuka. Kisha washa kipengele cha kutumia mitandao ya nje, nenda kwenye orodha ya mitandao, ondoa kuchagua kiotomatiki, jaribu mmoja mmoja. Kila mmoja upe dakika mbili tatu. Kwa laini yangu ya Ujerumani kupokea meseji nikiwa Mwanza sikukatwa hata senti, lakini kupokea simu kunakatwa. Ikiita usipokee.

Na zingatia mpangilio. Laini ya simu iwe ya mwisho kusitishwa. Benki inaitaka, jimu inaitaka, hata barua pepe yako huenda inaitaka. Ukianza kuua laini, milango mingine yote unaifunga na ufunguo umeuacha ndani.

#12 Kijana wa Makumbusho
Wakuu, asanteni sana. Marejesho: mtandao wa tatu kwenye orodha umeshika. Meseji nne za zamani zimeingia kwa mpigo.

Kitufe nimekipata chini kabisa ya ukurasa, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, macho yaliniuma. Nimejaza, nimebonyeza saa 3:40 usiku, barua pepe ya uthibitisho imefika baada ya dakika moja. Wanasema mkataba unaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo bado nakatwa tarehe 15 ya Juni, Julai, Agosti na Septemba. Mara nne kwa 24.90 ni euro 99.60. Hiyo kwangu ni kodi ya chumba!

Kwenye ile fomu kuna sehemu ya kusitisha kwa sababu maalumu. Nimehama bara zima, nimefuta makazi, hati ninayo. Hiyo si sababu maalumu?

#13 Jirani wa Nyali
Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha. Hakuna mtu atakayetoka Dar kwenda kunyanyua vyuma Leipzig. Tuma hati ya kufuta makazi, wataachia. Binamu yangu alikuwa Köln na waliachia.

#14 Dada wa Hamburg
Binamu aliachiwa kwa hisani, na hisani ipo, iombeni. Kisheria ni vingine. Tarehe 4 Mei 2016 mahakama ya juu kabisa ya madai ya Ujerumani iliamua kesi ya mwanajeshi aliyekuwa na mkataba wa jimu Hannover, kisha akahamishwa na kazi kwenda miji mingine. Aliambiwa alipe. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba mtu anayesaini mkataba wa muda mrefu ili apate bei nafuu anabeba mwenyewe hatari ya kuhama. Ugonjwa unaokuzuia mazoezi, au ujauzito, huo ungeweza kuwa sababu. Kuhama, hapana. Kama mwanajeshi aliyeamriwa hakusamehewa, mwanafunzi aliyemaliza masomo atapata tabu zaidi.

Ningekuwa wewe ningetuma ombi la upole nikiambatanisha hati, nikipendekeza nilipe miezi miwili kwa mkupuo wamalize. Wengine hukubali, kwa sababu kumfuatilia mtu Dar kunawagharimu. Wakikataa, acha hela kwenye akaunti hadi Septemba.

#15 Mpishi wa Moshi
Ngoja nimsahihishe dada kidogo. Umemwambia itaisha Oktoba kana kwamba kila mkataba unaisha hivyo. Mimi nilisaini Februari 2022, nikasitisha nikiwa Moshi, wakaniandikia kwamba umeshajirefusha mwaka mzima na nilitakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Nilipinga, nikashindwa.

#16 Dada wa Hamburg
Uko sahihi Mpishi, na ni vizuri umelileta. Sheria iliyowabana kwamba baada ya muda wa kwanza mkataba uendelee bila ukomo na utoke kwa taarifa ya mwezi mmoja inahusu mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Machi 2022. Wewe ulisaini wiki chache kabla, pole sana. Kijana alisaini 2024, kwa hiyo ya kwake ni mpya. Kila mtu aangalie tarehe ya saini kabla ya kugombana nao. Mikataba ya simu na intaneti iko tofauti, yenyewe ilibanwa tangu tarehe 1 Desemba 2021, hata ile ya zamani.

#17 Mhitimu wa Göttingen
Hapo kwenye simu ndipo mwenzetu anaweza kuokoa hela. Sheria ya mawasiliano inasema ukihama na kampuni haitoi huduma kwenye makazi yako mapya, unatoka kwa taarifa ya mwezi mmoja. Ni kifungu cha 60. Dar hawatoi huduma. Basi.

#18 Fundi Laini
Hapana mkuu, hiyo ni ya intaneti ya waya ya nyumbani. Laini ya simu haijafungwa na nyumba. Mimi niliwaandikia nikanukuu kifungu hicho hicho, wakanijibu kwamba huduma yao ni mtandao wa ndani ya Ujerumani, makazi yangu hayawahusu, na laini bado inashika nje kwa bei zao.

#19 Mhitimu wa Göttingen
Jibu la kampuni si hukumu. Kifungu kinasema huduma ya mkataba kwenye makazi mapya. Hakijasema waya. Wewe uliliacha baada ya barua moja.

#20 Dada wa Hamburg
Kwa intaneti ya nyumbani nimeona inakubaliwa bila ubishi, mtu anatuma hati ya kufuta makazi na anatoka. Kwa laini za simu nimeona kampuni mbili zikikataa na moja ikikubali, kwa wanafunzi waliohama mwaka huohuo mmoja. Kwa hiyo siwezi kumwapia Kijana kitu. Mkataba wake unaisha tarehe 2 Novemba. Amebakiza makato ya Julai, Agosti, Septemba na Oktoba, jumla euro 59.96. Atume taarifa mbili ndani ya barua moja: asitishe kwa kuhama, na kama hawakubali basi isitishwe mwisho wa muda wa kawaida. Kijerumani chake ni `hilfsweise zum nächstmöglichen Zeitpunkt`. Asiandike ya kwanza peke yake, kwa sababu wakiikataa atajikuta hajasitisha chochote.

#21 Shangazi Tegeta
Mwanangu wa Bremen nimemtumia uzi huu. Anauliza, ile ada ya redio na televisheni ya kila nyumba nayo inajifuta ukifuta makazi?

#22 Mpishi wa Moshi
Haijifuti, shangazi. Ni euro 18.36 kwa mwezi na lazima uijulishe mwenyewe kwenye `rundfunkbeitrag.de` kwamba unahama nchi. Tena inakoma mwisho wa mwezi uliotoa taarifa, hata kama uliondoka zamani. Ndege iondoke Machi, taarifa uitoe Juni, utalipa hadi Juni. Afanye kabla hajafunga begi. Kama walikuwa wanakaa watatu na wenzake wanabaki, mmoja wao ajisajili kwa jina lake aendelee kulipa.

#23 Jirani wa Nyali
Na usajili niliolipia kupitia duka la apu la simu? Nina muziki na magazeti ya huko kwenye akaunti ya Ujerumani. Nataka kubadili nchi iwe Kenya, inagoma.

#24 Fundi Laini
Kama ni Apple, haikubadilishii nchi mpaka usajili uliopo uishe na salio lako liwe sifuri. Usiondoe akaunti. Ingia kwenye mipangilio, gusa jina lako, kisha `Subscriptions`, sitisha huko huko. Haijali uko nchi gani. Halafu subiri siku ya mwisho uliyolipia ipite. Kwa Google Play unabadili nchi mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usijaribu kwa majaribio.

#25 Chuma cha Reli
Nimesoma yote. Hadithi ya Göttingen imenigusa, sikujua barua zinakwenda kwenye droo ya mtu mwingine. Nakubali kwamba kwa anayetaka kurudi kule alipe. Kwa asiyerudi maisha yake yote bado naona hakuna atakayemfuata Buguruni kwa euro 99.

#26 Mhitimu wa Göttingen
Huenda. Lakini 2019 hata mimi nilikuwa na uhakika kwamba sirudi.

#27 Kijana wa Makumbusho
Marejesho ya pili. Leo ni tarehe 24 Juni. Jimu wamekataa ombi la miezi miwili, wamejibu kwa sentensi mbili. Nimeacha euro 75 kwenye akaunti, zinatosha makato matatu yaliyobaki na sazo kidogo. Barua pepe yao ya tarehe 14 Oktoba nimeihifadhi sehemu tatu, na anwani ya Dar nimewapa kwa maandishi ili barua zisipotee.

Kampuni ya simu nimewatumia kama dada alivyoelekeza, taarifa mbili ndani ya moja. Wamethibitisha tarehe 2 Novemba. Kuhusu kuhama wanasema wanahitaji hati yenye tafsiri. Hati yenyewe ni ya Kijerumani, imetolewa na ofisi ya mji wao wenyewe, sasa sijui itafsiriwe kwa lugha gani. Nimeituma tena na kuwauliza hilo.

Swali moja limebaki. Benki yangu ya kule bado inatumia namba hiyo ya simu kwa uthibitisho, na nataka akaunti ibaki hai mpaka amana ya chumba irudi. Mwenye nyumba amesema Desemba. Laini inakufa Novemba.

#28 Fundi Laini
Usiiache ife. Kabla ya tarehe 2 Novemba omba namba yako ihamie kwenye laini ya vocha ya kampuni nyingine ya kule, una haki ya kuondoka na namba yako. Tatizo ni kwamba laini mpya inataka kuthibitisha kitambulisho chako, na baadhi wanataka anwani ya Ujerumani pa kutuma laini yenyewe. Una mtu Leipzig?

#29 Kijana wa Makumbusho
Yupo mmoja, anaondoka Septemba.

#30 Dada wa Hamburg
Basi anza sasa hivi, usingoje Oktoba. Na wakati laini yako bado inashika meseji, iulize benki kama unaweza kubadili uthibitisho kwenda kwenye apu yao badala ya meseji. Apu yao kwenye duka la Tanzania ipo?

#31 Kijana wa Makumbusho
Ngoja niangalie, narudi.